Fundi anasema hela ya mfumo inarudi miezi sita: hesabu yake imekosea wapi

"Habari mtaalamu. Nina duka la jumla la maji na vinywaji hapa Mwanza, tuko watu saba. Kijana wangu wa ofisini (namlipa 600,000) kila siku anatumia kama masaa matatu kulinganisha malipo ya lipa namba na invoisi, kwa siku yanaingia malipo kama 120. Kuna fundi anataka 3,600,000 atutengenezee mfumo ufanye hiyo kazi wenyewe, anasema hela inarudi ndani ya miezi sita. Hesabu yake iko sawa au nitaumia?"

Salama kaka. Mimi hesabu za namna hii ndio kazi yangu ya kila siku, maduka ya jumla nimeyapitia mengi, na kitu cha kwanza nilichofanya nimegawanya 3,600,000 kwa miezi sita nikapata 600,000 kamili. Yaani fundi kachukua mshahara wote wa kijana wako akauita akiba. Maana yake hesabu yake inafanya kazi siku ile tu utakayomwachisha kazi huyo kijana, na najua humwachishi, manake ndio huyo huyo anaandika invoisi, anapokea simu za wateja, anatoa risiti za EFD na anafuatilia madeni. Kwa hiyo miezi sita ifute kabisa kichwani, tuanze upya.

Tuanze na bei ya saa moja ya huyo kijana. Mshahara 600,000, weka NSSF upande wako asilimia 10 ni 60,000, weka mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5 ni 3,000, jumla anakugharimu 663,000 kwa mwezi. (Ile tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ya asilimia 3.5 inaanza ukiwa na wafanyakazi 10, nyie mko saba so haiwahusu.) Sasa watu wengi wanagawa hiyo hela kwa siku 26 mara masaa 8 wanamaliza, ila wanasahau likizo ya siku 28 kwa mwaka na sikukuu, ambazo unamlipa na kazi haifanyiki. Ukitoa hizo anabaki na masaa kama 2,200 ya kazi kweli kwa mwaka. 663,000 mara 12 gawa kwa 2,200 unapata kama 3,600 kwa saa. Hiyo 3,600 ishike, tutaitumia mpaka mwisho.

Masaa matatu kwa siku mara siku 26 ni masaa 78, mara 3,600 ni kama 281,000 kwa mwezi. Hiyo ndio gharama ya hiyo kazi yote ilivyo leo. Kwa hiyo hata mfumo ungeifuta kazi yote bila kubakiza hata dakika moja, hela ingerudi mwezi wa 13, sio wa sita. Na hakuna mfumo unaofuta yote.

Hapa ndipo watu wengi wanapigwa so naomba nikae kidogo. Malipo 120 hayafanani. Ukikaa pembeni ya kijana asubuhi moja tu na saa mkononi utaona mengi ni mepesi, mteja anajulikana, kalipa kwa laini yake, kiasi kinalingana na invoisi hadi mia ya mwisho, dakika moja imeisha. Halafu kuna yale mengine, mtu kalipa kwa simu ya mke wake, mwingine kajumlisha invoisi mbili akalipa pamoja, mwingine kapunguza 4,000 kwa sababu kreti moja ilifika na chupa zimepasuka, mwingine kalipa akaomba muamala urudishwe, na hayo kijana anapiga simu, anasubiri, anauliza dereva. Tuseme kati ya 120, mepesi ni 96 kwa dakika moja kila moja, hiyo ni dakika 96. Magumu ni 24 tu lakini kila moja linakula dakika tatu na nusu, hiyo ni dakika 84. Jumla dakika 180, ndio yale masaa yako matatu.

Unaona sasa? Fundi akikuambia "mfumo wangu unalinganisha asilimia 80 ya malipo" hadanganyi, asilimia 80 ya malipo ni kweli, ila sio asilimia 80 ya muda. Unachukua yale mepesi, dakika 96, nusu ya muda na kidogo, na magumu yote anabaki nayo kijana. Na inaongezeka kazi mpya ambayo haikuwepo: kila siku mtu lazima afungue ripoti, ahakikishe jumla ya mfumo inalingana na jumla ya stetimenti ya kampuni ya simu, aangalie kama kuna malipo mfumo umeyaruka. Weka dakika 15. Akiba halisi basi ni dakika 81 kwa siku, kwa mwezi ni kama masaa 35, mara 3,600 ni 126,000. Kutoka 600,000 ya fundi tumeshuka mpaka 126,000.

Hizo 96 na 24 nimezikadiria mimi kutokana na maduka niliyoyaona, wewe usizichukue hivi hivi. Chukua karatasi, bandika pembeni ya kompyuta yake kwa wiki mbili, kila akianza aandike saa, akikatishwa na simu aandike, akikutana na gumu apige mstari mmoja. Mweleze kabisa kwanini unafanya hivyo, mwambie humfukuzi, vinginevyo utapata karatasi nzuri isiyo na ukweli ndani. Mara nyingi yale "masaa matatu" yakipimwa yanakuwa mawili na kitu, hayo mengine alikuwa anahudumia wateja wanaoingia ofisini.

Sasa upande wa gharama. Ile 3,600,000 ni bei ya fundi tu, sio bei ya mfumo kufanya kazi kwako. Muulize kwanza kama VAT imo, manake asilimia 18 juu ya hapo ni 648,000, ukiwa umesajiliwa VAT utaidai kwenye ritani, usipokuwa umesajiliwa ni hela imekwenda.

Gharama ya kwanza iliyojificha ni kusafisha orodha ya wateja, na hii hakuna fundi anayeiweka kwenye kotesheni. Mfumo haumjui "Mama Asha wa Igoma" kama anavyomjua kijana wako, wenyewe unajua namba tu. Kila mteja lazima awe na jina moja, namba zake zote za simu anazolipia, na deni lake la kuanzia liwe sahihi. Tuseme una wateja 340, kila mmoja dakika sita za kumpigia na kuhakiki, hiyo ni masaa 34, kama 122,000. Ukiruka hatua hii mfumo unazinduliwa vizuri Jumatatu, Jumatano nusu ya malipo yako kwenye "mteja hajulikani" na kijana anarudi kwenye daftari lake.

Ya pili ni mwezi wa kuendesha vyote viwili, mfumo mpya na njia ya zamani, mnalinganisha majibu kila jioni. Inachosha na kila bosi anatamani kuiruka. Niliwahi kuwa kwenye biashara moja ya jumla ambapo tuliiruka, mimi mwenyewe nilikubali kwa sababu mwisho wa mwaka ulikuwa umekaribia na tulitaka kuanza Januari tukiwa na mfumo mpya. Kulikuwa na ndugu wawili wana maduka mawili tofauti, mdogo alikuwa analipa kwa laini ya kaka yake siku nyingi, mfumo ukawa unaweka malipo ya mdogo kwenye akaunti ya kaka. Wiki tatu hakuna aliyejua. Mdogo akazuiwa mzigo kwa deni ambalo alishalilipa, akaja juu na meseji zake zote kwenye simu, na alikuwa na haki, hakurudi tena kununua kwetu. Tungeendesha vyote viwili tungemwona siku ya kwanza. Kwa hiyo weka saa moja ya ziada kwa siku, siku 26, na kwa kuwa itafanyika baada ya muda wa kazi ni ovataimu, sheria inataka isipungue mara moja na nusu, inakuja kama 140,000.

Halafu mafunzo. Fundi ataandika "mafunzo bure" na yeye kweli hatakulipisha, lakini muda wa watu wako ni hela yako. Kijana siku tatu, mtu wa stoo siku moja kwa sababu yeye ndiye anayeachia mzigo na lazima ajue kusoma alama ya "imelipwa", hayo ni masaa 32, kama 115,000. Na wewe mwenyewe, vikao na fundi, kujaribu, kubishana naye kuhusu ripoti, weka masaa 12, saa yako tuihesabu 10,000, ni 120,000. Bado hapo sijaweka siku kijana atakapoondoka ukamfundisha mwingine, na siku hiyo itafika, so hakikisha fundi anakuachia maelezo yameandikwa kwa Kiswahili na picha za skrini, yawe sehemu ya malipo ya mwisho.

Umeme ukikatika katikati ya kazi utahitaji UPS, tuseme 350,000 pamoja na kufungiwa. Jumla ya kuanzia inakuja kama 4,450,000.

Na kila mwezi je? Intaneti na sehemu ya kuhifadhi mfumo tuseme 40,000. Matengenezo, hapa usikubali jibu la "hautaharibika". Muulize mfumo unapata wapi taarifa za malipo. Kama unasoma meseji kutoka kwenye simu iliyowekwa ofisini, basi siku simu hiyo imeisha chaji au kampuni ya simu imebadilisha maneno ya meseji, mfumo hauoni kitu. Kama unasoma faili la stetimenti, wakibadilisha mpangilio wa safu hali ni hiyo hiyo. Kuunganishwa moja kwa moja na kampuni ya simu ndio imara zaidi lakini kuna maombi, vibali na kusubiri. Kwa vyovyote kuna siku utamhitaji, mimi naweka asilimia 15 ya bei kwa mwaka, kwako ni 540,000, yaani 45,000 kwa mwezi. Jumla 85,000 kila mwezi.

Sasa weka pamoja. Akiba ya muda 126,000 toa 85,000 inabaki 41,000. Gawa 4,450,000 kwa 41,000 unapata miezi 108, miaka tisa. Laptopu yenyewe haifiki huko.

Lakini usikimbie kwanza, kuna upande fundi wako hakuugusa na ndio wenye hela zaidi, makosa. Chukua miezi sita iliyopita, tafuta mizigo iliyotoka kwa meseji feki, mizigo iliyotoka mara mbili kwa malipo mamoja, na madeni uliyoshindwa kudai kwa sababu hamkuwa na uhakika nani kalipa. Jumlisha, gawa kwa sita. Tuseme unapata 250,000 kwa mwezi. Mfumo hautazuia zote, mtu wa stoo akiamua kuachia mzigo bila kuangalia skrini ataachia tu, mimi nakubali asilimia 60, ni 150,000. Hapo faida ya mwezi inakuwa 191,000 baada ya gharama.

Miezi miwili ya mwanzo ihesabu haina faida, mko kwenye kusafisha na kuendesha vyote viwili huku 85,000 inalipwa. Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu una miezi 34 ya faida, 6,494,000, toa 170,000 ya ile miezi miwili, toa 4,450,000, inabaki kama 1,874,000. Ukiigawa kwa 4,450,000 ni asilimia 42, lakini ni asilimia 42 kwa miaka mitatu mizima, na hela yako inarudi kwenye mwezi wa 26 au 27. Ilinganishe na ungefanyia nini hiyo hela. Ungeiweka kwenye mzigo wa soda unaozunguka kila wiki ingekuletea shilingi ngapi? Wewe unajua kuliko mimi. Na kama unaikopa benki, ongeza riba ya miaka miwili kwenye gharama halafu uangalie kinachobaki.

Na zile dakika 81 ni hela tu kama zinakwenda mahali. Ukiwa unamlipa ovataimu kila siku na itakoma, hiyo ni hela. Ukimpa orodha ya wadaiwa awapigie kila saa nane mchana na madeni yakaanza kuingia, hiyo pia ni hela. Ila kama atamaliza mapema akakaa, mshahara ni ule ule 600,000, hujaokoa kitu, na kwenye hesabu yako hiyo 126,000 iandike sifuri.

Ushauri wangu kwa malipo 120 kwa siku, mfumo wa 3,600,000 usiununue sasa. Anza na hatua ya kati. Mwambie kijana apakue stetimenti ya lipa namba kwenye Excel, halafu mtafute mtu anayejua Excel vizuri akupangie faili kwa siku mbili. Shida kubwa ya kulinganisha ni kwamba namba moja inaandikwa 0754, pengine 255754, pengine ina nafasi katikati, so unachukua tarakimu tisa za mwisho peke yake. Kwenye ukurasa wa Malipo, namba ikiwa safu A na kiasi safu B:

```
C2: =RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
D2: =IFERROR(VLOOKUP(C2,Wateja!A:B,2,FALSE),"HAJULIKANI")
E2: =COUNTIFS(Invoisi!A:A,D2,Invoisi!B:B,B2)
```

Ukurasa wa Wateja una namba safu A, nayo iwe tarakimu tisa za mwisho tu, na jina safu B, mteja mwenye laini tatu ana mistari mitatu. Ukurasa wa Invoisi una jina safu A na kiasi safu B, zile ambazo hazijalipwa tu. Safu E ikisema 1 imelingana, ikisema 0 ni ile migumu, ikisema 2 au zaidi kuna invoisi mbili za kiasi kile kile, aangalie kwa macho. Na safu A ya Wateja lazima iwe imepangwa kama maandishi, Text, kabla ya kuandika namba, ukiiacha kama tarakimu kila mtu atatoka HAJULIKANI hata kama namba zinafanana kabisa, hilo limewapotezea watu siku nzima. Angalia pia kama stetimenti yako inaonyesha namba nzima ya mlipaji, ikiwa inaficha tarakimu za katikati njia hii haitafanya kazi, itabidi wateja waandike namba ya invoisi kwenye kumbukumbu wanapolipa.

Gharama yake: mtu wa Excel tuseme 200,000, kusafisha orodha ile ile 122,000, mafunzo masaa manne 14,000, jumla kama 336,000. Yale mepesi yanashuka kutoka dakika 96 mpaka kama 40 pamoja na kupakua na kubandika, unaokoa dakika 56 kwa siku, kama masaa 24 kwa mwezi, 87,000. Inarudi ndani ya miezi minne, na hakuna ada ya kila mwezi. Meseji feki nayo inakamatwa kwa sababu mnasoma stetimenti badala ya simu ya mteja, ila inakamatwa pale tu mnapopakua, kwa hiyo pakueni mara mbili, saa sita na jioni, kabla gari halijatoka.

Ile orodha ya wateja ikishasafishwa haipotei, ukija kununua mfumo baadaye unayo tayari. Na lini uununue? Malipo yakifika kama 300 kwa siku, kwa mgawanyo ule ule kazi inakuwa dakika 450, masaa saba na nusu, kijana mmoja anakula siku nzima na itabidi uajiri wa pili kwa 663,000 kila mwezi. Siku hiyo mfumo unakuokolea mshahara mzima ambao ungetoka mfukoni kweli, na ile miezi sita ya fundi inaanza kusogelea ukweli. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi andika idadi ya malipo ya siku mahali unapoiona, ikivuka 220 au 230 anza kumtafuta fundi tena, manake kusafisha, kujaribu na kuendesha vyote viwili kutakula miezi miwili mpaka mitatu kabla hujaona faida yoyote.